Kisima cha Kigamboni kimeanza kuwa na chumvi: maswali ninayoulizwa nikiwa Dodoma

Kazi yangu ni kupima visima, na makazi yangu ni Dodoma, mbali na bahari. Hata hivyo nusu ya maswali ninayoletewa ni ya visima vya Pwani. Sababu yake haina siri: watu wengi walihamia huku na ofisi za serikali, wakaacha nyumba Kigamboni, Mbweni au Bunju zenye wapangaji na kisima uani. Siku moja mpangaji anapiga simu: "Mzee, maji yamebadilika, chai haina ladha." Hapo ndipo mwenye nyumba anapokuja kuniuliza. Nimeyapanga maswali kuanzia ya msingi, na pale jibu lilipokwisha kutolewa nimekuelekeza kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kisima changu cha hapa Dodoma nacho kina chumvi. Ni bahari imefika?

Hapana. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa barabara ni kama kilomita 450 hadi Dar es Salaam. Maji ya ardhini huteremka kama yale ya juu ya ardhi, kwa hiyo ya kwetu ndiyo yanayoelekea baharini. Bahari haina njia ya kuyapandisha huku.

Chumvi ya kwetu ina asili yake. Mvua ni chache na jua ni kali, hivyo maji yanayotuama mbugani hukauka na kuacha chumvi kwenye udongo, mwaka baada ya mwaka. Bonde la Bahi ni mfano mzuri: mto Bubu unaingia, lakini hakuna mto unaotoka, na kila kilicholetwa na maji kinabaki pale pale. Chanzo cha pili, hasa mitaa iliyobanana, ni vyoo vya shimo. Namna ya kutofautisha chumvi hizi iko kwenye swali la 8.

2. Kwani chini ya ardhi ya Pwani kuna maji ya bahari tayari?

Yapo, na hilo ndilo watu wengi hawalijui. Wanadhani bahari inaishia ufukweni, kisha siku moja inavamia. Ukweli ni kwamba maji ya chumvi huingia chini ya nchi kavu kama kabari yenye ncha nyembamba, na maji matamu ya mvua hukaa juu yake kwa sababu ni mepesi. Ukichimba kiwanja cha karibu na ufukwe na kuendelea kushuka bila kukutana na tabaka la udongo wa mfinyanzi, mara nyingi utapita kwenye maji matamu, kisha yenye chumvi kidogo, kisha bahari yenyewe. Kisima kizuri cha Pwani ni kile kilichoishia kwenye maji matamu.

3. Nini kinazuia chumvi isipande siku zote?

Uzito wa maji matamu yaliyo juu yake. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000 hivi. Ya bahari ina gramu 1,025. Chukua mnara wa maji matamu wenye urefu wa mita 41 na mnara wa maji ya bahari wa mita 40: uzito wao ni sawa. Kwa hiyo maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yanaweza kuisukuma chumvi hadi mita 40 chini ya usawa huo. Wa kwanza kuieleza hesabu hii walikuwa Mholanzi Badon Ghijben, mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg, mwaka 1901, kila mmoja peke yake.

Sasa igeuze hesabu hiyo, maana ndipo balaa lilipo. Ukishusha maji matamu kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi una ruhusa ya kupanda mita 20. Mwenye nyumba anaona maji ya kisima yameshuka kiganja kimoja au viwili, anasema si kitu. Kisima kile kile kingekuwa Ihumwa, hapa Dodoma, nami ningesema si kitu.

Katika hali halisi mpaka huo si mstari uliochorwa kwa rula. Ni ukanda ambamo maji yanachanganyika polepole, wakati mwingine mita kadhaa kwa unene, kwa hiyo chumvi huonekana kabla hesabu haijasema imefika.

## Pampu na bahari

4. Pampu inaivutaje chumvi?

Kwa njia mbili, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni ya mtaa mzima: visima vingi vinavuta maji kuliko mvua inavyorudisha, usawa wa maji matamu unashuka eneo zima, na ile kabari inasogea kutoka baharini kuja bara. Hii huchukua miaka. Ya pili ni ya kisima chako mwenyewe: pampu ikivuta, maji yaliyo chini yake hupungukiwa na mzigo, na chumvi huinuka pale pale kama kichuguu hadi mdomoni mwa pampu. Hii inaweza kutokea ndani ya siku au miezi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ya kwanza ndiyo inayoifungulia mlango ya pili.

5. Nioneshe kwa namba. Kwa nini kisima kilichonihudumia miaka kumi kibadilike, na pampu ni ile ile?

Tuchukue kiwanja cha kubuni kilichoko mita 700 kutoka ufukweni, ardhi yake ikiwa mita 5 juu ya bahari. Kisima kina kina cha mita 20, yaani kitako chake kiko mita 15 chini ya usawa wa bahari. Nyumba ina vyumba vya kupangisha na mwenyewe anauzia majirani maji kwa dumu, kwa hiyo anatoa lita 10,000 kwa siku. Udongo ni mchanga wa kawaida.

Wakati kinachimbwa, maji yalisimama mita 4 kutoka juu ya ardhi. Maana yake yalikuwa mita 1 juu ya bahari, na chumvi ilikuwa mita 40 chini ya bahari. Kutoka kitako cha kisima hadi kwenye chumvi palikuwa na mita 25. Kukadiria kichuguu cha chumvi kitapanda kiasi gani tunatumia kanuni iliyochapishwa na Schmorak na Mercado mwaka 1969:

```
z = Q / (2 × 3.14 × d × K × 0.025)
```

`z` ni mita ambazo kichuguu kitapanda, na 0.025 ni ile tofauti ya uzito kati ya maji matamu na ya bahari ya swali la 3. `Q` ni maji yanayotolewa kwa siku kwa mita za ujazo, hapa 10. `d` ni umbali kutoka kitako hadi kwenye chumvi, hapa 25. `K` ni kasi ambayo udongo unapitisha maji. Mchanga wetu tuupe mita 5 kwa siku. Jibu ni kama nusu mita. Chumvi inapanda nusu mita wakati nafasi iliyopo ni mita 25. Kisima hiki hakina tatizo lolote, na mwenyewe ana haki ya kujisifu.

Miaka inapita. Mtaa unajaa, kila kiwanja kina kisima. Usawa wa maji unashuka hadi mita 4.5 kutoka juu ya ardhi. Nusu mita tu imepotea, lakini polepole chumvi inapanda hadi mita 20 chini ya bahari. Nafasi iliyobaki chini ya kisima ni mita 5. Rudia hesabu kwa pampu ile ile na lita zile zile: kichuguu sasa kinapanda mita 2.5, yaani nusu ya nafasi yote. Wapimaji wengi huweka kikomo kati ya theluthi na nusu. Kikipita hapo hakitulii tena, kinarukia kisimani. Mwenye nyumba hajabadilisha chochote, na bado kisima kimeharibika.

Ndiyo maana huwa sikubali kumlaumu mwenye kisima peke yake. Aliyeharibu ni mtaa, naye akiwemo.

6. Fundi anashauri tuongeze kina tupate maji matamu. Tufanye?

Kwa kisima cha aina hii, usifanye. Ni ushauri wa bara uliosafirishwa kwenda Pwani. Hapa Dodoma tunachimba kwenye miamba ya granaiti, na mara nyingi ukishuka unatafuta ufa wenye maji mengi. Pwani kwenye mchanga, kushuka ni kuifuata chumvi. Kile kisima cha swali la 5 ukikipeleka hadi mita 30, kitako kinafika mita 25 chini ya bahari, na chumvi iko mita 20. Umetoboa moja kwa moja hadi baharini.

Mbaya zaidi, tundu lenyewe linakuwa njia: hata ukizima pampu, maji ya chini yana mahali pa kupandia. Nimewahi kuitwa kuangalia kisima kilichofanyiwa hivyo. Fundi alikuwa amelipwa na kuondoka, na mama mwenye nyumba ananiletea maji kwenye glasi huku akiniambia, "Baba, onja mwenyewe." Sikuhitaji kumeza.

Kinachosaidia mara nyingi ni kinyume chake, yaani kukipunguza kina. Kitako cha kisima kile kikizibwa kwa saruji hadi mita 13 kutoka juu, nafasi iliyo juu ya chumvi inaongezeka kutoka mita 5 hadi 12, na kichuguu kinapanda mita 1 tu badala ya 2.5. Sharti ni kwamba mabomba yawe na matundu huko juu. Kama matundu yote yako chini, utakuwa umejizibia maji.

7. Mbona jirani kachimba kirefu zaidi na maji yake ni matamu?

Huenda kavuka tabaka la mfinyanzi na kufika kwenye mchanga wa chini ulio na maji yake mengine, yanayotoka mbali bara na yenye msukumo wa kutosha kuizuia bahari. Ukanda wa Kimbiji, kusini mwa Kigamboni, unajulikana kwa maji ya namna hiyo, na visima vyake vya kulisha jiji vinashuka mamia ya mita. Hicho si kisima cha kuongezewa mita kumi. Ni kazi nyingine kabisa, yenye gharama yake, na inahitaji kuziba vizuri tabaka la juu lenye chumvi, la sivyo chumvi inateremka kando ya bomba na kuharibu hata ya chini.

## Kuitambua

8. Nitajuaje kama ni bahari na si choo wala chumvi ya ardhini?

Peleka maji maabara uombe vipimo vinne: kloridi, sodiamu, kalsiamu na naitreti. Usichanganye kloridi na klorini. Klorini ni dawa ya kuua vijidudu, kloridi ni sehemu ya chumvi.

Naitreti ikiwa juu pamoja na kloridi, anza kuangalia vyoo. Maji ya bahari yana naitreti kidogo mno. Kloridi ikiwa imepanda sana na naitreti imelala, bahari inakuwa mshukiwa. Kisha tazama sodiamu na kalsiamu. Bahari inapoingia kwenye udongo uliozoea maji matamu, udongo hukamata sodiamu na kuachia kalsiamu. Kwa hiyo, mwanzoni mwa uvamizi, kloridi inaruka, sodiamu inabaki nyuma kidogo, na kalsiamu inapanda kuliko ilivyo kawaida ya maji ya bahari. Ndipo mpangaji analalamika kwamba sabuni haitoi povu hata kabla maji hayajawa na chumvi ya kutisha.

Povu peke yake lisikudanganye. Dodoma tunayo maji magumu yasiyotoa povu na yenye kuacha magamba meupe kwenye birika, na hayajawahi kuiona bahari.

9. Naweza kugundua mapema kabla ulimi haujaniambia?

Unaweza, na ndiyo njia ya kukiokoa kisima. Nunua kile kipimo cha mkononi cha kupima upitishaji wa umeme kwenye maji, kinachoonyesha `µS/cm`. Maji ya bahari husoma kama 50,000. Kisima chako kikiwa kinasoma 600, asilimia 2 tu ya bahari inakifikisha karibu 1,600, na asilimia 5 inakifikisha zaidi ya 3,000.

Ulimi unachelewa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kloridi ikizidi miligramu 250 kwa lita watu wanaanza kuonja. Bahari ina kama 19,000. Hesabu inasema glasi moja ya maji ya bahari kwenye dumu la lita 20 inatosha kukaribia kiwango hicho.

Namba moja haisemi kitu. Mfululizo ndio unaosema. Mwambie mpangaji apime mara moja kwa wiki, pampu ikiwa imefanya kazi saa moja, aandike ukutani kwa penseli. 620, 640, 610 ni kisima kilichotulia. 620, 700, 830, 1,050 ni kisima kinachokwenda, hata kama bado chai ni nzuri.

10. Kwa nini asubuhi maji ni mazuri, jioni yana chumvi?

Hicho ni kile kichuguu cha swali la 4. Usiku pampu imepumzika na chumvi inashuka kidogo. Mchana mnavuta, inapanda. Ni habari njema kwa kiasi fulani, kwa sababu inaonyesha tatizo liko zaidi chini ya kisima chako, na ukipunguza kuvuta unaweza kuona nafuu haraka. Maji yakiwa na chumvi ile ile asubuhi na jioni, masika na kiangazi, kabari imekwisha kufika.

Kwenye visima vya karibu kabisa na ufukwe, kujaa na kupwa kwa bahari nako kunainua na kushusha usawa wa maji. Usilinganishe kipimo cha siku ya bamvua na cha siku nyingine.

## Dawa yake

11. Nichemshe? Niweke dawa? Nichuje?

Kuchemsha kunaondoa maji na kuacha chumvi, kwa hiyo unazidi kuikoleza. Dawa za kutibu maji zinaua vijidudu tu. Chujio la mchanga au la mkaa halishiki chumvi iliyoyeyuka. Mitambo ya kuchuja kwa utando na msukumo mkubwa inaiondoa, lakini inatupa sehemu kubwa ya maji yakiwa yamekolea chumvi zaidi. Ukiyarudisha maji hayo kwenye shimo la uani kwako, umejizungusha.

12. Nikizima pampu kabisa, maji matamu yatarudi baada ya muda gani?

Kichuguu cha chini ya kisima kinaweza kushuka kwa wiki au miezi, ingawa huacha ladha nyuma. Kabari ya mtaa ni habari nyingine. Kwenye mchanga wa mfano wetu, maji matamu yenye mteremko wa mita 1 kwa mita 700 yanatembea kama mita 13 kwa mwaka. Chumvi iliyosogea mita 200 itahitaji miaka 15 kusukumwa nje, tena mtaa mzima ukiwa umepunguza kuvuta. Anayekuahidi kisima kitasafika kwa kukivuta mfululizo siku tatu anakufanyia kilichokiharibu.

13. Basi nifanye nini wiki hii?

Anza kwa kupima usawa wa maji alfajiri, pampu ikiwa imelala usiku kucha, na usomaji wa `µS/cm` kabla na baada ya kuvuta. Kisha pandisha pampu juu iwezekanavyo ilimradi isivute hewa, weka pampu ndogo inayojaza tanki polepole kwa saa nyingi badala ya kubwa inayolijaza kwa nusu saa, na acha kuuza maji. Hilo la mwisho ndilo gumu. Lakini lita 10,000 zikishuka kuwa 3,000, kichuguu cha mita 2.5 kinashuka chini ya mita 1, na hakuna fundi atakayekupa nafuu hiyo kwa bei hiyo.

Maji ya paa la nyumba wakati wa masika yaelekeze kwenye tanki. Kuvuna mvua hakurudishi mtaa nyuma, ila kunapumzisha pampu.

14. Kuna mtu wa kuwasimamia wavutaji wote wa mtaa?

Vibali vya kutumia maji vinatolewa na bodi za maji za mabonde chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Kigamboni iko chini ya bonde la Wami/Ruvu. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Jiji la Dodoma nalo liko kwenye bonde hilo hilo, kwa sababu Kinyasungwe yetu inaishia kwenye mto Wami. Ukienda bodini, nenda na ule mfululizo wa vipimo wa swali la 9. Malalamiko ya ladha hayapimiki.

## Maswali ya pembeni

15. Kiwanja changu kiko kilomita tano kutoka ufukweni. Niko salama?

Pima umbali hadi maji ya chumvi yaliyo karibu zaidi, si hadi ufukwe. Dar es Salaam ina vijito ambavyo bahari inaingia ikijaa, kama Msimbazi upande wa mdomoni na Mzinga, na kisima kilichoko kando ya kijito hicho ni kisima cha ufukweni. Halafu kuna sehemu ambako chumvi ya zamani, ya enzi bahari ilipokuwa imekaa juu ya ardhi hiyo, bado imenaswa kwenye mfinyanzi. Hiyo haihitaji bahari ya leo kusogea. Pampu inaifinya tu kutoka pembeni.

16. Tukivuta kupita kiasi visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma, nasi tutapata chumvi?

Si ya bahari, kwa sababu za swali la 1. Hatari ya Makutupora ni usawa wa maji kushuka, na kurudi kwake hakuji kila masika. Kumbukumbu za usawa wa maji pale zinaanzia miaka ya 1950, na zinaonyesha kwamba maji hurudi kwa kishindo katika miaka michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997/98, kisha yanashuka polepole kwa miaka mingi. Pwani ukizidisha, kisima kinabaki na maji usiyoweza kunywa. Huku ukizidisha, unashusha pampu, unaongeza bomba, unashusha tena.

Ila yako maji ya mbugani yenye chumvi kwenye mabonde ya jirani, na kisima kinachovutwa sana kinaweza kuyaita pembeni. Kipimo ni kile kile cha swali la 9, na penseli ile ile.